Milijouli tatu zilizoondoka baada ya kufunga swichi

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita hapa Kigoma. Tuliunga kapasita moja ya maikrofaradi 1,000 kwa mfuatano na nyingine mbili kama hiyo zilizoungwa sambamba, tukachaji kwa betri ya volti 9. Tukaondoa betri, tukazigeuza zote tatu ziwe sambamba kupitia swichi, chanya kwa chanya. Kabla ya kufunga swichi nishati ilikuwa milijouli 27, baada yake 24. Wenzangu wanasema tatu zimeliwa na ukinzani wa waya. Je, waya ungekuwa hauna ukinzani kabisa zingeenda wapi? Na mbona nikiweka rezista kubwa hasara ni ileile?*

Marahaba, mwanangu. Hesabu yenu ni sahihi. Kama waya usingekuwa na ukinzani hata chembe, msingeona volti 4 zikitulia. Chaji ingetoka kapasita moja kwenda nyingine, ikapita kiwango cha usawa, ikarudi, ikapita tena, na mwendo huo usingekoma. Zile milijouli 3 zingekuwa humo ndani ya mwendo. Siku mlipoandika kwamba mwishoni volti ni sawa kila upande na mkondo umesimama, mlikuwa mmeshakubali kimoyomoyo kwamba kuna kitu kimezila, ingawa hamkukitaja.

Rezista kubwa haibadilishi kitu kwa sababu inapunguza mkondo na wakati huohuo inarefusha muda, na mambo hayo mawili yanafutana kikamilifu. Nitakuonyesha kwa namba. Lakini kabla ya nishati, chaji lazima iwe imehesabiwa sawasawa. Katika madaftari mengi niliyosahihisha hapa Tabora, aliyekosa nishati alikuwa amekosa chaji hatua mbili nyuma, kwa hiyo nivumilie nianzie huko.

Kapasita iliyo peke yake tuiite A, na zile mbili zilizo sambamba tuzihesabu kama moja tuiite B. Zilizo sambamba zinajumlishwa, basi B ni maikrofaradi 2,000. A na B zikiwa kwa mfuatano unazidisha ukubwa wao na kugawa kwa jumla yao, unapata maikrofaradi 667 hivi. Betri ya volti 9 ikiwa imeungwa kwenye mtandao huo inasukuma chaji ya milikulombi 6.

Swali linalowachanganya wengi ni hili: hizo 6 ziko wapi? A ina 6, na B nayo ina 6. Hazikugawanywa 3 kwa 3. Angalia katikati ya mtandao. Bamba la chini la A, bamba la juu la B na waya unaoyaunganisha ni kama kisiwa. Hakuna chaji inayoweza kuingia wala kutoka hapo, maana kila upande kuna kihami kati ya mabamba. Betri ilipoweka +6 kwenye bamba la juu la A, elektroni za kisiwa zilivutwa zikajazana kwenye bamba la chini la A, likawa −6. Elektroni hizo zilitoka kwenye bamba la juu la B, nalo likabaki +6. Ukijumlisha kisiwa kizima unapata sifuri, kama kilivyokuwa kabla betri haijaungwa. Kisiwa hakikupokea kitu, kimepangwa upya tu.

Kwa chaji hiyo A ina volti 6, na B, iliyo kubwa mara mbili, ina volti 3. Jumla ni 9, sawa na betri.

Sasa mlipoitenganisha A na B, kisiwa kile kilikatika vipande viwili, kimoja kikabaki na −6 na kingine na +6. Na mlipounga chanya kwa chanya mkatengeneza visiwa viwili vipya. Kisiwa cha juu kina +6 ya A na +6 ya B, yaani 12. Cha chini kina −12. Chaji ya milikulombi 12 juu ya maikrofaradi 3,000 inatoa volti 4, kama mlivyopata.

Mwanafunzi anayebeba ile 6 ya mtandao wa kwanza na kuipeleka moja kwa moja kwenye mtandao wa pili anapata volti 2, na nishati ya milijouli 6 tu. Kosa hilo linaweza kugunduliwa bila kurudia hesabu. Ukiunga kapasita mbili chanya kwa chanya, volti ya mwisho lazima iangukie kati ya zile mbili za mwanzo. Yenu ilikuwa lazima iwe kati ya 3 na 6. Jibu la 2 haliwezekani, kwa hiyo rudi kwenye visiwa uhesabu upya nani amebaki na nini.

Tuje kwenye nishati. Hapa kwetu Tabora watu wanarina asali, na sijapata mfano unaolingana na swali lako kuliko ndoo mbili za asali. Chukua ndoo moja nyembamba na nyingine ambayo kitako chake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Ziunganishe chini kwa mpira wenye koki, koki ikiwa imefungwa. Ndoo nyembamba ina kina cha 6, pana ina kina cha 3. Ujazo wa kila moja ni 6, yaani kitako mara kina. Fungua koki. Asali inashuka kwenye nyembamba na kupanda kwenye pana, polepole, hadi zote zinasimama kwenye kina cha 4. Kina ndicho volti, kitako ndicho ukubwa wa kapasita, na ujazo ndio chaji. Hakuna tone lililomwagika, lakini asali kwa jumla imeshuka chini kidogo kuliko ilivyokuwa, na kilichokuwa ndani ya ule urefu kimekwenda kwenye msuguano ndani ya mpira.

Sasa weka maji badala ya asali, na mpira uwe mpana. Ukifungua koki kwa ghafla maji yanapita kina cha 4, yanapanda kwenye ndoo pana, yanarudi, yanayumba mara kadhaa ndipo yanatulia. Mwisho ni uleule wa 4. Maji yamechelewa kutulia kwa sababu msuguano wao ni mdogo, lakini mpaka yatulie, msuguano huo mdogo umekula sehemu ileile ya nishati ambayo msuguano mkubwa wa asali uliila katika mshuko mmoja. Kioevu kisicho na msuguano hata kidogo kingeyumba milele.

Rudi kwenye kapasita zenu. Mwanzoni A ilikuwa na milikulombi 6 na mwishoni ina 4. B ilikuwa na 6 na mwishoni ina 8. Kwa hiyo chaji iliyosafiri kupitia swichi ni milikulombi 2. Zilipoanza kusafiri, tofauti ya volti kati ya A na B ilikuwa 3. Zilipomaliza tofauti ilikuwa sifuri, na ilipungua sawia na chaji iliyokwisha kupita. Wastani wa tofauti hiyo ni volti 1.5. Milikulombi 2 zilizoshuka wastani wa volti 1.5 zimeacha njiani milijouli 3. Katika hesabu hii sikutaja ukinzani mahali popote. Hasara inaamuliwa na chaji iliyohama na tofauti ya volti iliyoishusha, na vyote viwili vimeshafungwa na hali ya mwanzo na hali ya mwisho. Kwa herufi inaandikwa hivi:

```
hasara = ½ × C1·C2/(C1+C2) × (V1 − V2)²
       = ½ × 667 µF × (6 V − 3 V)²
       = 3 mJ
```

Ile 667 imejitokeza tena, na haikujitokeza kwa bahati. Mkondo unapozunguka kutoka A kwenda B, njia yake inapita A na B kwa mfuatano, hata kama wewe umezichora sambamba. Mwalimu akikuuliza kapasita hizo ziko kwa mfuatano au sambamba baada ya swichi, mwulize kwanza unaziangalia kutoka wapi. Kutoka nje, kwenye ncha mbili ambako ungeunga kipimo, ziko sambamba. Kwa chaji inayohama ndani, ziko kwa mfuatano.

Sasa rezista. Tuseme umeweka ya omu 1,000 kwenye njia ya swichi. Mkondo wa kuanzia ni volti 3 gawa kwa omu 1,000, yaani miliampia 3, na joto linaanza kutoka kwa kasi ya miliwati 9. Kipimo cha muda ni ukinzani mara ile 667, yaani theluthi mbili za sekunde. Kwa kuwa joto linafuata mraba wa mkondo, linazimika mara mbili haraka kuliko mkondo wenyewe, basi jumla yake ni sawa na miliwati 9 kwa theluthi moja ya sekunde. Unapata milijouli 3.

Punguza rezista iwe omu 100. Mkondo wa kuanzia unapanda mara kumi hadi miliampia 30, joto linaanza kwa miliwati 90, lakini muda umefupika mara kumi. Milijouli 3. Ondoa rezista kabisa, ubaki na ukinzani mdogo kama omu 0.1 hivi. Mkondo unaanza na ampia 30, joto linaanza kwa wati 90, na yote yanakwisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Milijouli 3 zilezile. Kwa hiyo wenzako hawajakosea waliposema ukinzani ndio uliokula. Wamekosea tu kama wanadhani ukinzani ndio unaoamua kiasi cha kuliwa. Ukinzani unaamua muda, na unaamua mahali joto litakapotokea.

Hilo la mahali linafaa kuangaliwa. Bila rezista, sehemu kubwa ya zile omu 0.1 haiko kwenye waya. Iko ndani ya kapasita zenyewe, maana kapasita za elektroliti zina ukinzani wao wa ndani, na sehemu nyingine iko pale ncha za swichi zinapogusana. Joto lenu kwa hiyo lilitokea humo. Kwa milijouli 3 hamwezi kulihisi hata kwa ncha ya kidole. Lakini miaka ya nyuma nilikuwa natengeneza amplifaya ya ukumbi yenye kapasita mbili za maikrofaradi 10,000 kila moja, na nikaiunganisha iliyojaa volti 60 na iliyokuwa tupu kwa ncha ya bisibisi. Iliyojaa ilikuwa na jouli 18. Kapasita zikiwa sawa na moja ikiwa tupu, nusu inaondoka, basi jouli 9 zilitoka kwa mshindo mmoja. Ncha ya bisibisi ilichomeka ikabaki na kovu, na kapasita moja ikaanza kuvuja wiki hiyohiyo. Tangu siku hiyo huwa sifungi njia kati ya kapasita mbili zenye volti tofauti bila rezista katikati. Rezista haitaokoa hata milijouli moja, lakini itahamisha joto kutoka ndani ya kapasita kuja kwenye kitu kilichotengenezwa kupata joto.

Tumalizane na swali lako la waya usio na ukinzani. Mkondo wowote unaopita kwenye waya unajenga uga wa sumaku kuuzunguka, na uga huo unahifadhi nishati. Ndiyo maana mkondo hauwezi kuanza ghafla wala kusimama ghafla. Katika saketi isiyo na ukinzani, A ingeshuka kutoka volti 6 na B ingepanda kutoka 3. Zote zikifika 4, kapasita zina milijouli 24 kama mlivyohesabu, lakini wakati huo mkondo uko kwenye kilele chake na uga wa sumaku una zile 3. Mkondo hausimami pale. Unaendelea mpaka A inafika volti 2 na B inafika 5. Hebu hesabu nishati ya hapo: A ina milijouli 2, B ina 25, jumla 27. Mkondo umekuwa sifuri kwa nukta moja, kisha unageuka na kurudi. A inayumba kati ya 6 na 2, B kati ya 3 na 5, na volti 4 ni mahali pa kupita tu. Hata huko saketi isingeyumba milele kabisa, maana mkondo unaoyumba hutoa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yangeichukua nishati taratibu hadi ibaki 24.

Mngeweza kuona kuyumba huko kwenye meza yenu? Kwa kapasita hizi, hapana. Waya mfupi wa sentimita 20 hivi unahitaji ukinzani wa saketi nzima uwe chini ya kama omu 0.035 ndipo chaji ivuke usawa na kurudi, na kapasita za elektroliti za kawaida kwa zenyewe zinapita hapo. Zenu zilishuka kama asali. Ukitumia kapasita ndogo za plastiki na waya mnene, na ukapata osiloskopu, utaona mawimbi yanayofifia vizuri kabisa.

Naona mmefanya jambo hili kwa mikono, si kwa karatasi peke yake, basi nikueleze mahali ambapo vipimo vinaweza kuwadanganya mkirudia. Namba iliyoandikwa kwenye ganda la kapasita ya elektroliti kwa kawaida ni ya asilimia 20 juu au chini. Ile ya 1,000 inaweza kuwa 800 au 1,200, hasa mkipata zilizokwisha tumika kwa mafundi redio wa Mwanga au Ujiji. Kwa hiyo msishangae A ikisoma 5.6 na B 3.4 badala ya 6 na 3. Kwa kuwa chaji zao ni sawa, volti ya mwisho inaweza kukadiriwa bila kuamini maandishi ya ganda: zidisha volti mbili mlizopima, zidisha tena kwa 2, kisha gawa kwa jumla yake. Kwa 6 na 3 inatoka 4. Kwa 5.6 na 3.4 inatoka 4.2. Mita ikisoma 4.2 baada ya swichi, kapasita zenu hazilingani na maandishi lakini jaribio ni zima.

Mita ikisoma mbali na hapo, shuku mambo mawili. La kwanza ni chaji iliyobaki kwenye kisiwa cha katikati kabla hamjaanza. Kapasita ya elektroliti iliyokwisha kumwagwa chaji hujirudishia volti kidogo ikiachwa wazi, na chaji hiyo ikiwa kwenye kisiwa haiwezi kutoka, basi A na B hazitakuwa tena na chaji sawa. Dawa yake ni kuunganisha ncha za kila kapasita kwa rezista ya omu 100 na kuiacha hivyo dakika kadhaa kabla ya jaribio. La pili ni kuvuja. Kihami cha elektroliti huvuja kidogo kidogo, na mkiuacha mtandao wa mfuatano kwenye betri kwa saa nzima, mgawanyo wa 6 na 3 utaanza kufuata uvujaji badala ya ukubwa. Chajini kupitia rezista ya omu 1,000, subirini sekunde kumi, ondoeni betri na mpime.

Na mita yenyewe inakunywa chaji. Ya dijitali yenye ukinzani wa omu milioni 10 haina madhara kwa kapasita kubwa namna hii. Ya mshale ya zamani, kwenye kipimo cha volti 10, mara nyingi ina omu 200,000 tu, na ukiishikilia kwenye A kwa sekunde 20 volti 6 zitakuwa zimeshuka hadi karibu 5.4. Soma haraka, ondoa. Mlifanya vema kutumia kapasita kubwa. Zile za maikrofaradi 3 na 6 zinazopendwa na maswali ya vitabuni zingekwisha mbele ya macho yenu hata kwa mita ya dijitali.

Kuna jaribio mtashawishika kulifanya, la kuunga chanya kwa hasi. Kwa kapasita zilizotoka kwenye mfuatano, +6 inakutana na −6, kila kisiwa kipya kinakuwa na sifuri, na milijouli zote 27 zinaondoka. Fomula ya juu inalijua hilo: tofauti ya volti sasa ni 9, na nusu ya 667 mara 81 ni 27. Mfano wa ndoo unaishia hapa, maana hakuna kina cha chini ya sifuri. Mkilifanya, tumieni rezista. Lakini msilifanye kwa kapasita mlizochaji kila moja peke yake kwa volti 9. Hapo A ina 9 na B ina 18, zikikutana kinyume inabaki 9 juu ya maikrofaradi 3,000, yaani volti 3, na kwa A volti hizo zimegeuka nyuma mbele. Elektroliti iliyogeuziwa volti huvuja, hupata moto, na kwa volti kubwa zaidi hupasuka.

Jambo la mwisho, kwa sababu mtihani unapenda kulichanganya na hili lenu: betri ikibaki imeungwa wakati swichi inafungwa. Hapo chaji ya jumla haijafungwa tena, kilichofungwa ni volti 9, na kisiwa pekee kinachobaki ni cha katikati. Rudisheni mtandao wa kwanza, A kwa mfuatano na B, betri ikiwa mahali pake. Tafuteni kapasita ya nne ya 1,000, tupu, na swichi ya kuiunga sambamba na A. Swichi ikifungwa, upande wa juu unakuwa 2,000 na upande wa chini 2,000, kwa hiyo kila upande unachukua volti 4.5 na milikulombi 9. Kisiwa cha katikati bado ni sifuri, −9 na +9. Nishati iliyohifadhiwa imepanda kutoka 27 hadi milijouli 40.5, yaani imeongezeka 13.5. Betri imesukuma milikulombi 3 za ziada kwa volti 9, imetoa milijouli 27. Nusu imeingia kwenye kapasita na nusu imekuwa joto. Mkipima, A itashuka kutoka 6 hadi 4.5 na B itapanda kutoka 3 hadi 4.5. Mkiona jumla yake si 9, betri yenu imechoka.